Kontrasti ya filamu unayoiiga iko usoni

Mara yangu ya kwanza kuiga mwonekano wa filamu fulani, nilifungua Waveform, grafu inayoonyesha mwangaza wa picha, nikaona mstari mnene umelala kwenye 0, yaani weusi kabisa, nikashusha Lift, kidhibiti cha vivuli, mpaka picha yangu nayo ikagusa 0. Vivuli vikawa kama lami. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nasoma ile mikanda myeusi ya juu na chini ya fremu. Weusi wa picha yenyewe ulikuwa juu zaidi. Kwa hiyo ukishapata fremu ya mfano, kata mikanda hiyo kwanza, kisha ndiyo uangalie grafu.

Fremu yenyewe uichague kwa mwanga, usiichague kwa uzuri. Kama klipu yako ni mtu aliyeketi ndani, mwanga ukimpiga kwa ubavu kutoka dirishani, tafuta kwenye filamu ile mtu aliyeketi hivyohivyo. Fremu ya usiku haitakufundisha kitu kuhusu klipu ya mchana.

Nieleze kwa kazi moja niliyoifanya kwenye Resolve, programu ya kuhariri video na rangi zake, ambayo Waveform yake huenda kutoka 0 hadi 1023. Fremu ya mfano ilikuwa na mwanamke mwenye shati jeupe karibu na dirisha. Nikasoma sehemu nne: kivuli nyuma ya kiti kilikuwa 70, shavu la upande wa mwanga 520, shavu la upande wa giza 230, na shati 690. Klipu yangu, baada ya kuitoa kwenye Log, namna ya kurekodi inayopausha picha, na kuileta Rec.709, kiwango cha kawaida cha skrini, ilisoma 10, 610, 330 na 930. Hatua hiyo ya kuitoa kwenye Log usiiruke, la sivyo utakuwa unalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Nikapandisha Lift mpaka kivuli kikafika 70, nikashusha Gain, kidhibiti cha sehemu angavu, mpaka shati likafika 690. Kwa kuwa moja huisogeza nyingine kidogo, nilirudi mara mbili tatu. Ncha zikalingana kabisa, lakini picha ikawa imepauka kama imefunikwa na ukungu. Wengi hufika hapa, wakadhani kinachokosekana ni rangi, wakaanza kuongeza Saturation.

Angalia mashavu. Sasa yalikuwa takriban 470 na 285, tofauti ya 185. Kwenye filamu tofauti ni 290. Yaani filamu ile ilikuwa na weusi ulioinuliwa na weupe uliotulizwa, lakini katikati, pale uso unapokaa, kontrasti ilikuwa kali. Nikaenda kwenye Curves, mstari unaoupinda ili kubadilisha mwangaza wa kiwango unachotaka, nikaweka nukta moja ya kupandisha 470 hadi 520 na nyingine ya kushusha 285 hadi 230. Ukungu ukaondoka, na rangi ya ngozi ikakolea yenyewe, maana kuongeza kontrasti kwenye RGB huongeza na ukolevu wa rangi. Ndiyo sababu rangi huja mwisho. Ukianza nayo, utairekebisha tena.

Kwa rangi nilihamia Parade, grafu inayotenganisha nyekundu, kijani na bluu. Kwenye kivuli cha mfano, bluu ilikuwa juu ya nyekundu kwa nukta kama 15. Kwenye shati mambo yaligeuka: nyekundu 705, bluu 625. Kabla ya kusukuma Gain kuelekea manjano nilijiuliza, je, hiyo ni rangi ya filamu au shati lenyewe ni la rangi ya krimu? Nikatafuta fremu nyingine ya tukio lilelile yenye karatasi nyeupe mezani. Nayo ilikuwa imeelemea manjano vilevile, basi nikaamini. Karatasi ingekuwa nyeupe kavu, ningeliacha shati langu lilivyo. Nikapeleka gurudumu la Lift kidogo kwenye bluu, la Gain kwenye manjano yenye wekundu, kisha nikahakikisha kwenye Vectorscope, grafu ya rangi, kwamba ngozi haijauhama mstari uliowekwa kwa rangi ya ngozi.

Yapo yasiyoigika. Ukuta wa filamu ile ulikuwa umepakwa kijani iliyofifia, wangu ulikuwa mweupe, na hakuna gurudumu la kuubadilisha bila kumchafua mtu aliye mbele yake. Na kama klipu yako ni ya biti 8, ukivuta Curves kwa nguvu utaona ukuta au anga ikikatika ngazi ngazi badala ya kufifia taratibu. Ukiona hivyo, rudisha nusu ya ulichovuta. Mimi kwenye klipu ile niliishia shavu la giza kwenye 245 badala ya 230, nikaiacha hapo.