Jezi nyekundu na kijani kwenye picha

"Wakuu, nabadilisha rangi za jezi za shule mbili za Masasi kwenye picha: nyekundu #D32F2F na kijani #388E3C. Mwenye upofu wa rangi atazitofautisha?"

Kwa shida sana, mkuu. Uwiano wa mwanga wake ni 1.2 kwa 1 tu, kwa hiyo rangi ikipotea hakuna kinachobaki. Fungua picha kwenye Chrome, bonyeza F12, kwenye nukta tatu za dirisha litakalofunguka nenda More tools, Rendering, kisha Emulate vision deficiencies. Anza na Deuteranopia: zote zitaelekea kahawia. Protanopia huififisha nyekundu, usidanganyike na tofauti utakayoiona hapo.

Kuzungusha rangi peke yake hakusaidii, badilisha mwanga. Damu ya mzee #7F0000 na kijani mpauko #A5D6A7 zinafika 6.7. Pima na kwenye mikunjo, maana kivuli huisogeza jezi ya kijani karibu na ile ya damu ya mzee.