Mafuta ya maziwa yaliposhuka baada ya masika

Mwezi Mei, mvua za masika zilipokuwa zimeotesha majani kila mahali hapa Kibosho, kituo tunakopeleka maziwa kiliniambia kwamba mafuta katika maziwa yangu yameshuka hadi asilimia 2.8, ilhali kabla ya hapo yalikuwa 3.7. Jirani mmoja alidokeza kwamba huenda kijana wangu anaongeza maji. Niliumia kusikia hivyo, kwa sababu laktomita ilisoma 31, na maji huishusha laktomita. Kosa lilikuwa kwenye hori, na lilikuwa langu.

Ng'ombe wangu wawili, chotara wa Friziani, walikuwa wakila matete machanga na vigogo vya migomba, ambavyo karibu vyote ni maji, tena vikiwa vimekatwa na mashine vipande vya chini ya sentimita mbili. Wakati wa kukamua, kila mmoja alipewa kilo 3 za pumba na mashudu asubuhi akiwa hajala kitu, na kilo 3 nyingine jioni.

Vijidudu vya tumbo la kwanza vinapovunja nyuzinyuzi za majani, hutoa asidi ya asetiki, na kiwele huitumia asidi hiyo kutengeneza sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa. Pumba nyingi zikiingia kwa mkupuo, huchacha haraka na tumbo huwa chachu, hivyo vijidudu vya nyuzinyuzi hudhoofika. Kinachopunguza uchachu huo ni mate, na mate mengi hutoka ng'ombe anapocheua. Lakini majani mororo yaliyosagika hayamlazimishi kucheua.

Nilithibitisha kwa macho. Saa tano asubuhi, saa ambayo walipaswa kuwa wamelala wakicheua, mmoja alikuwa amesimama tu, na mwingine alitafuna kila tonge mara 35 hivi kabla ya kulimeza, wakati ng'ombe mwenye majani ya kutosha hufikisha 50 au zaidi. Kinyesi kilikuwa laini, chenye punje za mahindi.

Nilinunua mabua makavu ya mahindi kutoka tambarare, nikayakata kwa panga vipande vya sentimita tano hivi, na kuyatoa pamoja na matete yaliyonyauka nusu siku, saa moja kabla ya pumba. Zile kilo 6 sikuzipunguza; nilizigawa mara nne, kilo moja na nusu kila mara. Mabua niliyaongeza polepole kwa siku kumi, na sikuvuka kilo 3 kwa siku, kwani yana protini kidogo na yakizidi hushusha maziwa yenyewe.

Wiki ya tatu kipimo kilisoma 3.5. Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha kwamba sampuli inatoka kwenye ndoo nzima iliyokorogwa na kwamba ng'ombe anakamuliwa hadi mwisho, maana maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi.