Jina la mhojiwa halisomeki kwenye simu

Swali: Shikamoo kaka. Nahariri video za mahojiano na wavuvi na wafanyabiashara wa samaki hapa Mwaloni, Kirumba. Utepe wa jina na cheo nauandika kwa fonti ya 32 kwenye video ya 1920 × 1080, na kwenye laptopu yangu unasomeka vizuri kabisa. Watazamaji wa simu wanalalamika hawaoni kitu. Na nikikata video iwe ya wima, jina linapotea au linafunikwa na maandishi ya mtandao wenyewe. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Chukua rula kwanza, pikseli zitafuata.

Simu ya inchi 6.5, aina hizi ndefu ndefu ambazo watu wengi wanazo, ina upana wa kama milimita 68 ukiishika wima. Wengi wanatazama hivyo hivyo bila kuilaza, kwa hiyo video yako nzima inabanwa ndani ya milimita 68 kwa 38. Fonti ya 32 ina herufi kubwa zenye kimo cha pikseli 22 hivi, kwa sababu ile 32 inahesabu pia nafasi ya juu na ya mikia ya chini. Pikseli hizo 22 kwenye simu ni milimita 0.8. Kwenye laptopu ya inchi 15.6 ukijaza skrini zinakuwa milimita 4. Ndiyo maana wewe na mtazamaji wako hamwelewani, kila mmoja anaona kitu tofauti.

Kwa kipimo cha kukumbuka, herufi kubwa ya habari ya kawaida gazetini ina kama milimita 2. Ukiweka jina kwenye fonti ya 72 unapata milimita 1.8 simu ikiwa wima, na zaidi kidogo ya 3 akiilaza. Cheo kiweke 52, kitakuwa milimita 1.3. Hapo ndipo mwisho wangu, sishuki chini yake. Kwenye laptopu utaona utepe ni mkubwa kupita kiasi na utatamani kuupunguza. Usiupunguze.

Sasa ukikuza fonti unakutana na tatizo letu sisi tunaoandika Kiswahili: vyeo ni virefu. "Mwenyekiti wa Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi" ni herufi 58 ukihesabu na nafasi. Kwa fonti ya 52 unachukua karibu pikseli 1,570 kati ya 1,920, yaani utepe unakaribia kujaza upana wote wa skrini. Kama watazamaji wako ni watu wa ziwani, andika "Mwenyekiti wa BMU" na umemaliza, kila mwalo wanaijua BMU. Kama video inakwenda nchi nzima, andika mistari miwili:

Mwenyekiti wa kikundi
cha usimamizi wa uvuvi

Angalia mahali nilipokata. "Cha" imeshuka pamoja na maneno yake. Usiache "wa", "ya" au "cha" ikining'inia mwisho wa mstari, msomaji anasimama hapo akisubiri. Programu ikikukatia yenyewe haijali hilo, kata kwa mkono. Na usiandike cheo chote kwa herufi kubwa: maneno marefu yanazidi kuwa mapana na yote yanafanana umbo.

Kuhusu rangi, nadhani najua unachofanya, kwa sababu violezo vingi vya bure vinakuja hivyo: kibao cha dhahabu chenye maandishi meupe, au kibao chenye uwazi nusu kinachoonyesha ziwa nyuma. Vyote viwili viache. Nyeupe juu ya njano kali ina utofauti wa mwanga wa 1.07 kwa 1, yaani karibu hakuna tofauti kabisa. Nyeusi juu ya njano hiyo hiyo ni zaidi ya 19 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanahitaji angalau 4.5 kwa 1, na kwa mtu anayetazama juani sokoni mimi nalenga zaidi ya 7.

Kibao chenye uwazi kina ubaya wa ziada ukipiga picha ufukweni. Maji yanayometameta ni vitu vidogo vidogo vinavyobadilika kila fremu, na video inapobanwa kwa ajili ya WhatsApp au mtandao, data nyingi inaliwa na mng'aro huo. Kinachobaki kwa ajili ya kingo za herufi ni kidogo, ndipo unaona ukungu wa vijiraba kuzunguka jina. Weka kibao kizima, buluu nzito au nyeusi, uwazi usizidi asilimia 10. Fonti iwe ya unene wa kati au nene, zile nyembamba za kupendeza zinakatika. Maandishi mekundu juu ya buluu usijaribu hata mara moja, kwa sababu video za kawaida zinahifadhi rangi kwa nusu ya pikseli kila upande, na kingo zinachuruzika.

Eneo salama kwa video ya kulala ni jepesi: acha asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Ukiwasha `Safe Margins` kwenye Premiere Pro, mistari ya ndani kwa kawaida imewekwa kwa kipimo cha zamani zaidi, asilimia 10 kila upande. Ukiifuata hiyo hupati hasara. Mimi huinua utepe juu kidogo ya mstari kwa sababu YouTube huweka manukuu na mstari wa muda pale chini.

Ya wima ndiyo inayokuchanganya. Ukikata 1920 × 1080 kuwa wima unabaki na pikseli 608 za katikati tu, kuanzia ya 656. Utepe wako umeanza kwenye 96, kwa hiyo umebaki nje. Hakuna namna ya kuuokoa. Hifadhi nakala safi ya video isiyo na maandishi yoyote, kata hiyo, kisha andika upya ndani ya 1080 × 1920.

Mwongozo wa Meta kwa matangazo ya Reels unataka uache asilimia 14 juu, 35 chini na 6 kila pembeni. Kwa hesabu hiyo, maandishi yako yawe kati ya pikseli 269 na 1,248 kutoka juu. Ni masharti makali kwa video isiyo tangazo, lakini nayafuata kwa sababu mpangilio wa vitufe hubadilika kila mtandao na kila toleo jipya. Upande wa kulia naongeza hadi 160 kwa ajili ya safu ya vitufe. Unabakiwa na upana wa 855, herufi 31 hivi za fonti ya 52, na ile mistari miwili ya juu inaenea bila shida. Utepe utakaa kifuani mwa mhojiwa badala ya miguuni, kwa hiyo unapopiga picha muweke juu kidogo kwenye fremu, la sivyo utamfunika kidevu.

Kabla ya kutuma, jitumie video kwa WhatsApp, punguza mwanga wa simu hadi nusu, toka nje juani, ishike wima. Soma jina na cheo kwa sauti mara mbili. Utepe ukiondoka kabla hujamaliza mara ya pili, uongezee sekunde.