Advansi si hela ya Fuso

"Wakuu, nimepata kazi ya madarasa, milioni 400, miezi 8. Advansi 20%, inarudishwa kwa kukatwa 25% ya kila setifiketi. Ritensheni 10% ya kila setifiketi mpaka ifike 5% ya mkataba. Nafikiria kununua Fuso kwa hiyo advansi."

Achana na Fuso! Mimi nilinunua, kwenye kazi ya ukubwa huo huo, kwa milioni 38. Mkandarasi mmoja niliyemheshimu kama kaka aliniambia advansi ni hela ya kujipanga, nunua kitu kibaki. Bado nina hasira naye, maana alijua. Ile ni hela ya mteja. Umekopeshwa, na unaanza kuirudisha kwenye setifiketi ya kwanza.

Chukua kazi ya milioni 50 kwa mwezi, wewe unatumia 44. Setifiketi ya milioni 50 inakatwa 12.5 ya advansi na 5 ya ritensheni, unapokea 32.5. Yaani kila setifiketi ya mwanzo inakuja pungufu ya gharama kwa milioni 11.5, na kwangu ilikuwa inalipwa miezi miwili baada ya kazi. Mwisho wa mwezi wa tatu nilishatumia 132 kwenye kazi. Zilizoingia ni 80 za advansi na 32.5. Toa na Fuso: pengo la milioni 57.5. Mwenye duka la nondo alikuja saiti asubuhi, akakaa kwenye tofali karibu na geti mpaka jioni, na Fuso langu limeegeshwa mbele yake halina dizeli.

Usidhani bila Fuso ningekuwa salama. Ritensheni inaacha kukatwa ikifika milioni 20, setifiketi ya nne, lakini mwisho wa mwezi wa nane pengo bado ni milioni 67, kwenye kazi yenye faida ya 48! Bila advansi kabisa lingekuwa 72. Umeona? Kufika hapo advansi imeshakusaidia milioni 5 tu, nyingine zote zimesharudi kwa mteja. Faida yenyewe iko kwenye setifiketi mbili za mwisho na ritensheni. Mimi nusu ya ritensheni nililipwa siku ya kukabidhi. Nusu ya pili ilikaa miezi 12 ya uangalizi, na haikutoka mpaka nikarudi kuziba nyufa za plasta.

Kabla hujasaini, chora jedwali la mwezi kwa mwezi. Hela iandike mwezi inaoingia benki, sio mwezi uliofanya kazi. Tafuta mwezi wenye pengo kubwa kuliko yote, ujue nani atalibeba: duka la mkopo, overdrafti, au mfuko wako. Halafu mwombe mteja makato ya advansi yawe 20% badala ya 25%. Anapata hela yake yote ndani ya setifiketi zile nane, na pengo lako la mwezi wa nane linashuka kutoka 67 hadi 52.