Peiroli imelipa watu kiasi kisicho sahihi: ripoti inaandikwaje?

*"Wakuu, mimi ni mhasibu msaidizi. Mishahara imeshaingia benki, jana nimegundua baadhi ya watu wamelipwa zaidi na wengine pungufu. Bosi anataka ripoti ya maandishi: chanzo, nani wameguswa, na tunarekebishaje. Naanzia wapi?"*

Pole mkuu. Mimi yalinikuta Mei 2024, kwenye kiwanda kidogo hapa Dar chenye wafanyakazi 64. Mishahara tulilipa tarehe 28. Tarehe 30 asubuhi kijana wa stoo, namba 15 kwenye orodha, akaja na slipu yake mkononi: "Kaka, mimi mwezi mzima nilikuwa likizo. Hii ovataimu ya saa 18 imetoka wapi?" Mungu ambariki, wengine wangenyamaza.

Kabla ya kuandika neno lolote, tafuta jumla mbili. Nilichukua karatasi ya msimamizi wa zamu nikajumlisha saa za ovataimu: 226. Nikajumlisha safu ileile kwenye peiroli: 692. Hapo nikajua si kosa la mtu mmoja.

Chanzo kilikuwa fomula. Miaka yote msimamizi alikuwa akileta orodha ya watu wote 64, asiyefanya ovataimu anaandikiwa sifuri. Mwezi ule akaleta waliofanya tu, watu 19, na wawili waliochelewa kuripoti (namba 12 na 31) akawabandika chini kabisa. Mimi nikarekebisha mipaka ya jedwali nikaendelea. Fomula ilikuwa hii:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,OT!$A$2:$B$20,2),0)
```

Mwishoni hakuna `FALSE`. Bila hiyo, Excel isipoiona namba haisemi haipo. Inachukua namba ndogo iliyo karibu. Namba 15 hakuwepo kwenye orodha, akapewa saa za namba 14. Na kwa kuwa utafutaji wa aina hiyo unategemea namba zipangwe kwa mfuatano, wale wawili wa chini hawakuonekana: namba 12 aliyefanya saa 20 akalipwa saa 6 za namba 9, na namba 31 aliyefanya 16 akalipwa 10. Nayo `IFERROR` nilikuwa nimeiweka ili jedwali lipendeze, ikawa imenizibia hata ile alama ya hitilafu ambayo ingenishtua.

Kwenye ripoti sehemu ya chanzo iandike hivyohivyo, kwa ukweli. "Hitilafu ya mfumo" haimsaidii bosi, na mkaguzi akija atauliza mfumo upi. Mimi niliandika: "Fomula ya kuvuta saa za ovataimu haikuwekewa sharti la kulinganisha namba kamili. Kosa lilikuwepo tangu zamani lakini halikuonekana kwa sababu orodha ya msimamizi ilikuwa na watu wote. Mei orodha ilibadilika, na mimi sikulinganisha jumla ya saa kabla ya kutuma benki." Sentensi ya mwisho iliniuma kuiandika, ila ndiyo iliyomfanya bosi aamini zilizobaki.

Walioguswa usiwahesabu kwa malalamiko. Weka fomula sahihi kwenye nakala mpya, toa peiroli nzima upya, kisha ipange hiyo na ile ya zamani kando kwa kando na uchukue kila aliye na tofauti. Kwangu walitoka 43: waliozidishiwa 41, kwa jumla ya saa 486, na waliopunjwa wawili, saa 20. Walio sawa ni 21 tu. Hakikisha hesabu inafunga: 226 ukiongeza 486 ukatoa 20 unapata 692. Isipofunga, kuna kosa la pili hujaliona. Jedwali la majina likae kama kiambatisho kinachosomwa na mkurugenzi na afisa utumishi pekee. Mshahara wa mtu si wa kuzungushwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea: deni la mfanyakazi ni kiasi gani? Chukua namba 15. Mshahara wake wa msingi ni 585,000. Ukigawa kwa saa 195 za mwezi unapata 3,000 kwa saa, na ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 4,500. Saa 18 ni 81,000. Mkuu wangu wa idara alitaka tumkate 81,000. Lakini huyu kijana hakuzishika zote. Sisi tunakata NSSF asilimia 10 kwenye mshahara ghafi, kwa hiyo 8,100 zilikatwa hapo. Zilizobaki 72,900 ziliangukia daraja la PAYE la asilimia 20, zikakatwa 14,580. Kilichoingia mkononi kimakosa ni 58,320, na hicho ndicho unachomdai. Ukimkata 81,000 unamwibia 22,680.

Hizo 22,680 ziko wapi? Kwetu zilikuwa bado kwenye akaunti ya kampuni, kwa sababu PAYE inalipwa TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata na tuligundua tarehe 30. Tukapeleka ritani ya Mei na michango ya NSSF kwa tarakimu sahihi tangu mwanzo. Kwa hiyo ripoti yako iandike tarehe ya kugundua na useme wazi kama ritani imeshakwenda au bado. Kama imeshakwenda, kuna kazi ya ziada ya kuirekebisha TRA, na hiyo nayo iwe hatua kwenye ripoti.

Waliopunjwa walipwe kwanza, wala usisubiri mwezi ujao. Namba 12 alikuwa anadai saa 14, yaani 63,000 ghafi. Baada ya makato ni 45,360, tukamtumia siku ileile na slipu mpya.

Waliozidishiwa usiwakate kimyakimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 28, inataka makato ya deni yawe na idhini ya mfanyakazi kwa maandishi. Tuliwaita kwa mafungu, kila mmoja akaoneshwa slipu ya zamani, slipu iliyorekebishwa na tofauti yake, akachagua awamu moja hadi tatu, akasaini. Kwenye peiroli ya Juni makato hayo tuliyaweka chini ya mstari wa PAYE. Ukiyaweka juu yanapunguza kodi ya Juni, wakati ya Mei umeshaisahihisha. Unakuwa umepunguza mara mbili.

Hatua ya mwisho kwenye ripoti ilikuwa ya kuzuia: `FALSE` kwenye fomula, `IFERROR` kuondolewa, msimamizi kurudi kwenye orodha ya watu wote, na jumla ya saa kusainiwa na watu wawili kabla ya faili kwenda benki. Ripoti yote ilikuwa kurasa mbili na kiambatisho.

Mmoja aligoma kusaini. Alisema pesa ameshalipia ada ya mtoto na kosa si lake, na kwa kweli kosa halikuwa lake. Hatukumgusa mshahara wa Juni. Julai afisa utumishi alimpa awamu sita badala ya tatu, akasaini.