Kisa kimoja na mzaha mmoja katika hotuba ya msimamizi wa bwana harusi

Swali: Dada, rafiki yangu tuliyekua naye Majengo anaoa mwezi wa nane, na mimi ndiye msimamizi wake. Sherehe itakuwa Nyali, uwanjani karibu na bahari. Nimeandika kurasa nne zenye visa vitano: alivyonifundisha kuogelea, maembe ya jirani, vituko vya shuleni, siku ndara zangu zilipochukuliwa na maji kivukoni Likoni, na siku aliyokutana na mkewe. Mizaha nimeitia kila mahali. Dada yangu ameisoma akasema ni ndefu na mizaha mingine inauma. Nibakishe nini?

Jibu: Bakisha ndara, kaka. Hivyo vingine viweke kando.

Kisa kinachofaa hotuba ya msimamizi ni kile ambacho bwana harusi mwenyewe anatenda jambo, na mgeni asiyemjua akisikia jambo hilo anatambua ni mtu wa namna gani. Cha kuogelea kinakuhusu zaidi wewe uliyekuwa ukizama. Cha shuleni kinataka wageni wawajue walimu wenu. Siku aliyokutana na mkewe ni mali yao wawili, waachie waisimulie wakitaka. Lakini katika ndara, kwa ulivyoandika ukurasa wa tatu, maji yalichukua zako zote mbili, naye akavua yake moja akakupa, mkatembea hadi Majengo kila mmoja na mguu mmoja kwenye lami ya saa saba. Hapo huna haja ya kusema ana moyo mzuri. Ukisema utaharibu, maana wageni wameshaona wenyewe.

Mzaha nao toa ndani ya kisa hichohicho. Umeandika kwamba mama yake alipomuuliza ndara ya pili iko wapi, alijibu, "Inakuja na feri ya nyuma." Huo ndio mzaha wako, na sababu ya kuuchagua si kwamba unachekesha tu. Ni maneno yake mwenyewe akiwa mtoto, kwa hiyo hakuna anayedhalilishwa. Na kwa kuwa ni sehemu ya simulizi, wageni wasipocheka hakuna kitu kitakachoanguka, unaendelea na sentensi inayofuata kwa mwendo uleule. Mzaha uliobandikwa pembeni hauna kinga hiyo. Usipochekwa, ukumbi mzima unajua ulitaka uchekwe.

Sasa ile inayouma. Umeandika, "Hatimaye amepata wa kumtuliza." Najua huna nia mbaya, lakini kumbuka unazungumza Mombasa, mbele ya kina mama waliolelewa na maandishi ya leso na mafumbo ya taarabu. Sentensi yenye pande mbili wataisikia kwa upande wa pili. Shangazi wa bibi harusi atajiuliza alikuwa akirukaruka wapi kabla ya kutulizwa, na swali hilo litakwenda naye nyumbani. Kwa kipimo hichohicho futa kila kinachogusa wapenzi wa zamani, mahari, pesa na umbo la mtu. Maembe ya jirani pia, maana mbele ya wakwe utakuwa umemtambulisha bwana harusi kwa wizi.

Mpangilio nilioupenda baada ya kukata ni huu. Nimetumia maneno yako mengi:

"Wazazi wetu, jamaa na marafiki, hamjambo. Mimi na bwana harusi tumekua pamoja Majengo. Feri ya Likoni haimtozi anayekwenda kwa miguu, basi sisi tukivuka na kurudi, kuvuka na kurudi, bila ya kazi yoyote ng'ambo. Siku moja nilivua ndara zangu nichezee maji pale kivukoni, wimbi likaja likaondoka nazo. Jua la saa saba, lami inachoma, nami nikaanza kulia. Huyu bwana hakusema neno. Alivua ndara yake moja akaiweka mbele ya mguu wangu. Tukarudi hadi nyumbani, yeye na moja, mimi na moja. Mama yake alikuwa mlangoni. Akamtazama miguu, akauliza, 'Na ya pili iko wapi?' Akajibu, 'Inakuja na feri ya nyuma.'

Bibi harusi, mtu uliyempata ndiye huyo. Akiwa na viatu viwili, kimoja ni cha mwenzake. Nasi tuliokujua tumeona nawe ni hivyohivyo, na ndiyo maana furaha yetu leo ni kubwa. Naomba sote tusimame, tuinue glasi. Kwa bwana na bibi harusi, Mungu awajaalie maisha ya kugawana."

Kuna mahali pawili pa kukaa kimya. Pa kwanza ni baada ya "mimi na moja", kituo kifupi tu, ili picha ya watoto wawili iwakae wageni. Pa pili ni baada ya "feri ya nyuma". Hapo usicheke wewe, na usirudie jibu. Ngoja kicheko kipande, na kikianza kushuka, mgeukie bibi harusi uzungumze kwa sauti ya chini kidogo kuliko mwanzo. Ukiwahi kabla hakijashuka, jina lake litamezwa na kelele, na sentensi iliyobeba hotuba nzima haitasikika. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wasimamizi wanaosema vizuri: wanafurahia kicheko, wanaongeza mzaha wa pili, na wakifika kwa bibi harusi wageni bado wanasubiri wa tatu.

Sentensi ya "tuliokujua tumeona nawe ni hivyohivyo" ijaze kitu cha kweli unachokijua juu yake, hata kiwe kidogo. Ukiiacha ilivyo, hotuba itaonekana imeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Kwa mwendo wa utulivu haifiki dakika tatu, na haihitaji kufika. Iandike kwenye kadi ngumu, si karatasi wala simu. Mwezi wa nane ni kusi, na uwanja wa Nyali unapigwa na upepo wa baharini alasiri yote. Muombe fundi wa vyombo avishe maiki sifongo, uishike karibu na kidevu, na ukihisi upepo usoni geuka kidogo uuache uje kwa mgongo. Ukisikia spika zinavuma kama mtu anapuliza chupa, bado hujageuka vya kutosha.

Zungumza mapema pia na msimamizi wa wahudumu, glasi zijazwe unapoitwa jina, si unaposema "tuinue". Wageni wenu ni mchanganyiko wa Waislamu na Wakristo, basi omba ukwaju au juisi ya pasheni kwa meza zote, ili pasiwe na meza inayoinua mikono mitupu.

Na kabla ya siku yenyewe, mpigie mama wa bwana harusi umsomee sehemu yake. Anatajwa, anastahili kujua. Kama anakumbuka kijana wake alijibu vingine mlangoni, chukua jibu lake yeye.