Kabla hujagusa neno "ogani" kwenye trei, kahesabu mifuko ya chakula

"Wakuu, nina kuku 300 wa mayai, wanatoka nje kila siku kwenye uwanja wenye majani. Kuna mtu kaniambia nikiwapa chakula chenye soya isiyobadilishwa vinasaba naweza kuandika mayai ya ogani. Ni kweli? Na banda liwe na ukubwa gani, sakafu niweke maranda, madirisha je?"

Huyo mtu namjua. Si yeye hasa, ila ndugu yake wa maneno alipita kwangu. Alijiita mshauri, akanywa chai yangu, akanipiga bega akisema, "Wewe tayari ni ogani, unakosa stika tu." Nikamlipa. Natamani kila siku ile chai ingekuwa ya chumvi.

Kutoka nje ni habari ya miguu ya kuku. Ogani ni habari ya firigisi yake, yaani nini kimepita humo na una karatasi gani ya kuthibitisha. Angalia kanuni za Ulaya: kuku huria, yaani huyo wa kutoka nje, anatakiwa kuwa na mita 4 za mraba za uwanja wa nje, na kuku wa ogani ni hizohizo 4. Ukisimama kwenye uzio huwezi kuwatofautisha. Ndani ndipo ogani anapata nafasi zaidi: 6 kwa kila mita ya mraba, wakati huria wanaruhusiwa mpaka 9, na chumba kimoja cha ogani hakizidi kuku 3,000. Lakini mfugaji huria hakuna anayemuuliza kama chakula chake ni cha ogani. Anaweza kulisha mahindi yaliyopigwa dawa kuanzia kuota mpaka kuvunwa, na yai likagongwa muhuri unaoanza na namba 1 bila kosa lolote. La ogani huanza na 0. Kati ya hiyo 0 na 1 ndipo nilipozama.

Nilikuwa na kuku 240. Nilijiandikisha kwa utaratibu unaofanana na huo wa Ulaya: kuku wa mayai waliokuwepo shambani wanapitia kipindi cha mpito cha wiki 6, wakila chakula cha ogani, ndipo mayai yao yaitwe ogani. Ardhi ya uwanja ina muda wake peke yake, mrefu zaidi, na mimi wangu nilishaumaliza. Wiki 6 zikaisha, nikaanza kuuza. Nilikuwa natembea shingo mbele kuliko jogoo.

Kisha mchanganyaji wangu wa chakula akachelewa. Mara mbili. Stoo ikabaki na vumbi, kuku wanakimbilia mlangoni kila wakisikia ndoo. Nikampigia mshauri. Akaniambia nichukue chakula fulani cha dukani, "kina soya isiyobadilishwa vinasaba, ni kitu kilekile, hata wakaguzi wanajua." Nikachukua mifuko 6 mara ya kwanza, na 6 tena mara ya pili. Kila awamu ikanivusha siku kama kumi na moja.

Mkaguzi alipokuja nilitegemea atakwenda bandani. Nilikuwa nimefagia mpaka juu ya vichanja. Yeye akaomba kiti, meza na faili la risiti. Hakumwangalia kuku hata mmoja kwa saa nzima. Akatoa kikokotoo, akaandika hivi kwenye karatasi, naikumbuka kama jina langu:

Kuku 240, kila mmoja gramu 115 kwa siku, ni kilo 27.6. Kwa siku 90 ni kilo 2,484. Mifuko ya kilo 50, karibu 50. Risiti zangu za ogani, baada ya kutoa iliyobaki stoo: mifuko 38, kilo 1,900.

Akazungushia 584 duara. "Hizi kilo walikula nini?"

Nikasema wanakula majani na wadudu huko nje. Akafungua daftari langu la kuokota mayai: mayai 200 hivi kwa siku, miezi mitatu, bila kushuka. Akasema kuku aliyepungukiwa karibu robo ya chakula chake, akategemea majani kufidia, hatagi hivyo. Kumbe lile daftari nililolijaza kwa bidii ndilo lililonichongea.

Sasa sikia ujinga wangu. Sikuwa naficha kitu! Nikachomoa risiti za ile mifuko 12 kutoka droo nyingine, nikampa kwa fahari kabisa, na kipande cha lebo kilichoshonwa mdomoni mwa mfuko. Akakisoma pole pole, akaweka kalamu chini. Soya isiyobadilishwa vinasaba maana yake mbegu haikubadilishwa, basi. Inaweza kuwa imekua kwa mbolea ya chumvichumvi, ikapigwa dawa ya magugu, kisha mafuta yake yakatolewa kwa hekseni, kiyeyushi kinachozuiwa katika chakula cha ogani. Mashudu ya ogani hukamuliwa kwa mashine, na kila nafaka iliyomo inatoka shamba lenye cheti. Kwenye lebo yangu hakukuwa na namba ya cheti wala jina la aliyekithibitisha. Hayo tu yangetosha kunishtua dukani, kama ningesoma badala ya kupiga simu.

Matokeo: wiki 6 zikaanza upya kuanzia mfuko wa mwisho wa kawaida. Mayai yaliyouzwa kama ogani katika kipindi hicho ikabidi nimwarifu mnunuzi, na trei zikarudi. Kwa wiki zote hizo nilinunua chakula cha ogani kwa bei yake, nikauza mayai kwa bei ya huria. Na nilikuwa na bahati. Marekani ndege lazima alelewe ki-ogani bila kukatika kuanzia kabla siku yake ya pili ya uhai haijapita. Hakuna wiki 6 za kumsafisha kuku mkubwa, mnyororo ukikatika ndiyo basi. Na huko neno huria kwenye mayai ni jepesi zaidi, linadai kuku awe na njia ya kutoka nje muda wote wa kutaga, wala halitaji mita wala chakula.

Mshauri? Nilipompigia alisema, "Si nilikwambia uulize kwanza?" Nikakata simu, maana watoto walikuwa karibu.

Kwa hiyo wewe kabla ya kupima madirisha, fanya hivi. Chakula chako chote kitoke kwa mtu mwenye cheti, na cheti chake uwe nacho kwenye faili kabla mfuko haujashushwa. Weka akiba ya wiki 3 isiyoguswa, kwa ajili ya siku ambayo gari halitokei. Ukiwa na kuku wa kawaida pia, stoo mbili, ndoo mbili, hata pauro mbili. Na uza kwa jina la huria mpaka aliyekuandikisha akuruhusu kwa maandishi, si kwa simu ya mtu anayependa chai.

Maranda weka, angalau theluthi ya sakafu iwe ngumu yenye matandiko, sio wavu. Hayo mengine wapo watakaokujibu.

Wako 300 wanakula kilo 34.5 kwa siku. Mwezi wa siku 30 ni kilo 1,035, mifuko 21 kasoro kidogo. Nenda droo sasa hivi, hesabu risiti za mwezi uliopita, uniambie zipo ngapi.